Huwezi Kuficha Usichokuwa Nacho: Zoezi la Jalada la Nyuma

Chukua riwaya ya Kiswahili iliyochapishwa kwa kulenga soko la shule, igeuze, usome maneno ya nyuma. Mara nyingi utakutana na wageni walewale: riwaya hii inasawiri, mwandishi anamulika, jamii yetu ya leo, mafunzo yenye manufaa, inafaa kwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Chini yake kuna picha ya mwandishi, orodha ya shahada zake, kisha namba ya ISBN na mistari yake myeusi. Umesoma mpaka mwisho na bado hujui ni nani katika kitabu hicho ana shida gani, wala kwa nini ukinunue leo badala ya mwakani.

Sidhani kama ni uvivu. Maneno yale yameandikwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa, yaani mwalimu anayetafuta kitabu chenye maudhui ya kufundisha, au kamati inayopitisha vitabu vya kiada na ziada. Msomaji aliyesimama dukani na noti moja mkononi, akipima kati ya kitabu na nauli ya kurudi nyumbani, hakuwamo akilini mwa aliyeandika. Na kwa kuwa vizazi vya waandishi wetu vimesoma majalada ya namna hiyo tangu kidato cha kwanza, hata anayejichapishia mwenyewe leo, asiyemtegemea mkaguzi yeyote, anaandika kana kwamba mkaguzi amesimama nyuma yake.

Ndiyo maana napenda lile zoezi la kumtaka mtu aandike maneno ya jalada la nyuma kwa riwaya ambayo haipo. Maneno yasiyozidi mia na hamsini, basi. Hakuna kurasa mia tatu za kufupisha, hakuna mhariri wa kumfurahisha, na hakuna maudhui ya kuorodhesha maana hayajaandikwa bado. Linabaki jambo moja tupu: kumshawishi mtu asiyekujua afungue ukurasa wa kwanza. Lakini zoezi hili lina mtego. Kwa sababu riwaya haipo, mwanafunzi hudhani anaweza kuahidi chochote, akaanza kurusha maneno makubwa hewani. Hoja yangu ni kwamba zoezi hufaulu au hufeli kabla ya neno la kwanza kuandikwa, na kinachoamua ni kama mwandishi anajua anachokificha. Asiyejua mwisho wa hadithi yake hana siri. Ana ukungu tu, na msomaji huhisi tofauti hiyo haraka sana.

Mwaka 1994 George Loewenstein, mwanauchumi wa Marekani anayechunguza tabia za watu, alichapisha makala kuhusu udadisi. Kiini chake ni kwamba mtu hupata kiu ya kujua pale anapoona pengo katika kile anachokijua. Sehemu muhimu ni hiyo ya mwisho. Asiyejua lolote haoni pengo lolote, kwa hiyo hadadisi. Ukimwambia mtu "kuna siri nzito," hujampa pengo, kwa kuwa hana kingo za kulionea. Ukimwambia vitu viwili vya uhakika ambavyo haviwezi kukaa pamoja, pengo linajichimba lenyewe katikati yake. Kwa lugha ya jalada, lazima utoe kwanza ndipo unyime. Waandishi wa hadithi za mfululizo magazetini walilijua hili bila kusoma saikolojia yoyote. Waliandika "itaendelea" baada ya mlango kufunguka na kabla ya kutaja aliyeingia, na kufikia hapo msomaji alikwisha kuijua nyumba, usiku ule, na nani aliyelala ndani.

Basi tutengeneze riwaya yetu. Jina lake ni Hati ya Pili, na mahali ni Tanga na Muheza. Mhusika mkuu ni Sauda, mwanamke wa miaka thelathini na nne, karani wa masjala katika ofisi ya ardhi. Mwaka 1998 baba yake, Bakari, alimuuzia Mzee Kombo shamba la ekari kumi na mbili. Bakari akafariki mwaka 2001. Mwaka 2004 shamba lilelile likauzwa tena kwa mtu mwingine, na hati ya mauziano ina saini ya Bakari. Mwaka 2024 kampuni inataka kulinunua kutoka kwa huyo wa pili, na faili linapita mikononi mwa Sauda. Anayoyagundua hatimaye ni haya: aliyeghushi saini ni mama yake, na fedha zile zilimlipia Sauda ada ya sekondari. Elimu iliyompa macho ya kutambua hati ya kughushi ilinunuliwa kwa hati ya kughushi. Mwisho wa riwaya anaandika taarifa, anaipeleka mwenyewe, na mama yake hamlaumu.

Sasa tunacho cha kuficha. Tuanze na jalada ambalo tumelizoea:

"Hati ya Pili ni riwaya ya kusisimua inayosawiri kwa ufundi wa hali ya juu masuala ya rushwa, dhuluma, mmomonyoko wa maadili na nafasi ya mwanamke katika jamii. Kupitia mhusika wake mkuu, Sauda, mwandishi anamulika migogoro ya ardhi inayoikabili jamii yetu na kutoa mafunzo yenye manufaa kwa vijana na watu wazima."

Kwa sarufi halina kosa. Lakini lifanyie kipimo kimoja: ondoa jina la kitabu na la Sauda, weka mengine, badala ya ardhi weka ndoa au siasa. Linakaa sawasawa. Maneno yanayoweza kuuza kitabu chochote hayauzi kitabu hiki. Tazama pia nani anatenda. Riwaya inasawiri, mwandishi anamulika, masuala yanaikabili jamii. Sauda mwenyewe hafanyi kitu, ni kipenyo tu ambacho wengine wanapitia. Msomaji hapati mtu wa kumhofia wala wa kumtakia heri, anapata mada. Mada hushawishi wanaopanga mitaala, na kusema kweli hata hao, wakitaka kuamua kwa dhati, husoma kitabu chenyewe.

Wapo wanaolikwepa kosa hilo kwa kuingia katika lingine, la kusimulia:

"Sauda alikuwa karani wa ofisi ya ardhi. Siku moja akaletewa faili la shamba la Muheza. Akalifungua, akakuta hati mbili za mauziano. Moja ilikuwa na saini ya baba yake, ambaye wakati huo alikwisha kufa. Akaanza uchunguzi. Akasafiri mpaka Muheza, akakutana na watoto wa Mzee Kombo, wakamweleza walivyodhulumiwa. Akarudi Tanga, akapekua masanduku ya nyumbani, kumbe..."

Hapa angalau kuna mtu na kuna tendo. Tatizo limejificha katika -ka-. Kiambishi hiki ndicho gari la masimulizi yetu: kinaunganisha tendo na tendo, na kila kimoja kinavuta kinachofuata. Msimulizi wa mdomo hawezi kufanya kazi bila hicho. Lakini mnyororo hauna mahali pake pa kukatikia. Ukishaandika akafungua, akakuta, akaenda, mkono unataka kuendelea mpaka wakazikwa na wengine wakaoana. Ndiyo sababu majalada mengi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa -ka- huishia kufichua robo tatu ya kitabu. Mwandishi hakupanga kufichua, sarufi ilimsukuma. Na lile "kumbe" la mwisho ni dalili ya hatari kabisa. Kumbe ni neno la kufunua. Ukiliandika umekwisha kufika kwenye siri, na vile vitone vitatu vinakuja vimechelewa.

Jalada linahitaji hali zaidi kuliko mfuatano: hapa ndipo mambo yalipofikia, huyu ndiye aliyebanwa, na saa inakwenda. Kwa kazi hiyo -na- na -me- zinatosha, pamoja na -li- chache za kuweka msingi.

Rasimu ya tatu ni ile ya kelele:

"Mapenzi! Usaliti! Damu! Je, Sauda ataufichua ukweli? Je, maadui zake watamwacha hai? Je, haki itashinda? Ukiianza, hutaiweka chini!"

Kelele za aina hii zilikuwa kichekesho hata zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Mwaka 1907 mwandishi wa vichekesho Gelett Burgess, Mmarekani, alitoa jalada la mzaha lenye picha ya mwanamke anayepiga ukelele kukisifia kitabu, kuwakejeli wachapishaji wa siku zake. Wachapishaji walicheka, wakaendelea vilevile.

Kilicho muhimu zaidi kuchambua ni yale maswali ya Je. Yanaonekana kama yanaibua udadisi, kumbe yanauzima, kwa sababu majibu yake yanajulikana. Je, Sauda ataufichua ukweli? Bila shaka, la sivyo kusingekuwa na kitabu. Je, watamwacha hai? Ndiye mhusika mkuu na tuko kwenye jalada, kwa hiyo walau kwa kurasa mia mbili atakuwa hai. Swali linaloshawishi ni lile ambalo majibu yake yote mawili yana gharama, na gharama zenyewe msomaji anaziona. Kama huwezi kutaja gharama ya "ndiyo" na gharama ya "hapana," swali hilo ni pambo.

Sasa jaribio ambalo ningelipeleka kwa mchapaji:

"Bakari Mbwana alizikwa Muheza mwaka 2001. Mwaka 2004 aliuza shamba.

Saini ni yake. Sauda, karani wa masjala katika ofisi ya ardhi Tanga, anaifahamu kuliko mtu yeyote aliye hai: ndiyo iliyo kwenye ripoti zake za shule ya msingi.

Sasa shamba limepata mnunuzi mpya, na bosi wake anataka faili mezani Jumatatu saa nne asubuhi. Sauda akinyamaza, watoto wa Mzee Kombo wataondolewa kwenye ekari kumi na mbili ambazo baba yao alizilipia. Akisema, itabidi ataje jina la aliyeshika kalamu.

Jumapili, kama kawaida, atakwenda kula kwa mama yake. Safari hii ana swali: mwaka ule wa 2004, alipoingia kidato cha kwanza, ada ilitoka wapi?"

Hayafiki maneno mia moja. Kwenye jalada la kitabu cha ukubwa wa A5, kwa herufi za kawaida, yatachukua chini ya nusu ya ukurasa, na chini kutabaki nafasi ya kutosha kwa mistari miwili ya wasifu wa mwandishi. Miwili inatosha. Shahada hazimsaidii Sauda.

Tazama sentensi mbili za mwanzo. Zote zina -li- ileile, zote ni fupi, na kati yake hakuna kiunganishi chochote. Hapo ndipo vidole vya mwandishi huwasha. Anataka kuongeza "lakini cha ajabu," au "katika hali ya kutatanisha." Akiongeza, amemfanyia msomaji kazi ambayo msomaji alitaka kuifanya mwenyewe. Alizikwa, aliuza. Ukiziweka zikiwa kavu kama maandishi ya daftari la ofisi, msomaji anarudi nyuma kusoma tarehe tena, na akirudi nyuma kwa hiari yake amekwisha kuingia kitabuni. Ndilo pengo la Loewenstein hilo: kingo mbili zilizo imara, na shimo ambalo hukulitaja.

Ripoti za shule ya msingi zimewekwa pale kwa sababu mbili. Ya kwanza ni ushahidi. Kusema "Sauda anaitambua saini ya baba yake" ni dai, na dai tupu hupita sikio hili na kutokea lile. Kusema ameiona kwenye ripoti zake muhula baada ya muhula ni kitu ambacho msomaji anakiona, kwa kuwa naye aliwahi kusubiri mzazi asaini ripoti na anakumbuka ilivyokuwa kama alama zilikuwa mbaya. Ya pili ni kwamba ripoti za msingi zinaandaa ada ya sekondari itakayotajwa mwishoni. Msomaji hatambui kwamba ameandaliwa, na asitambue. Sifa, hata ikiwa kubwa namna gani, haiwezi kufanya kazi mbili. Kitu halisi kinaweza.

Kisha kuna -ki-. Akinyamaza, wataondolewa. Akisema, itabidi ataje. Huo ndio mhimili wa jalada zima, na umbo lake si la bahati. Mwandishi angeweza kutumia -nge-: kama angenyamaza, wangeondolewa. Lakini -nge- inalisukuma jambo mbali, kwenye ulimwengu wa mambo yasiyokuwepo, na msomaji anapumua. Kwa -ki- milango yote miwili iko wazi sasa hivi na inasubiri mguu. Zaidi ya hapo, mlango wa kwanza unagharimu watu wengine na wa pili unamgharimu yeye mwenyewe kwa namna ambayo haijasemwa sawasawa. Kutolingana huko ni kwa makusudi. Kama gharama zote mbili zingeelezwa kwa ukamilifu, tungekuwa na hesabu ya mizani, na hesabu mtu anaweza kuimaliza palepale dukani.

Aya ya mwisho ndiyo inayobishaniwa. Mhariri mwangalifu atasema umemtaja mama, umeitaja ada, sasa msomaji amekwisha kujua. Ni kweli amekwisha kushuku. Kushuku na kujua ni vitu viwili, na kitabu cha namna hii kinaishi kwenye nafasi iliyo kati yake. Mstari wenyewe haumtuhumu mtu. Unasema tu kwamba Jumapili anakwenda kula, kama kawaida. "Kama kawaida" ndiyo yenye uzito wote: inatuambia kuna miaka mingi ya Jumapili za aina hiyo, na kwamba hii inaweza kuwa ya mwisho. Ningeandika "Jumapili hiyo itabadilisha maisha yake yote," ningekuwa nimerudi kwenye kelele. Na swali la ada halikuanzwa kwa Je wala halimwelekei msomaji. Ni swali la Sauda kwa mtu fulani, mezani, sahani ziko mbele yao. Msomaji analisikia kama mtu aliyekaa chumba cha pili.

Liko pingamizi la kitaaluma ambalo sitaki kulipita. Mwaka 2011 Jonathan Leavitt na Nicholas Christenfeld wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitoa utafiti wa watu waliosomeshwa hadithi fupi kumi na mbili, baadhi yao wakiwa wameambiwa mwisho mapema. Kwa jumla walioambiwa mwisho walizifurahia zaidi kidogo kuliko wasioambiwa. Basi kwa nini tujisumbue kuficha? Si tuseme tu kwamba ni mama?

Jibu liko katika mpangilio wa utafiti wenyewe. Watu wale walikuwa wamekwisha kukubali kusoma. Hadithi ziko mikononi mwao, na kilichopimwa ni raha ya kuzisoma. Jalada la nyuma linafanya kazi kabla ya makubaliano hayo. Halipimwi kwa raha, linapimwa kwa kama mtu atafungua. Inawezekana kabisa kwamba anayejua kuhusu mama ataifurahia riwaya yetu zaidi, atakuwa anasoma kila mlo wa Jumapili kwa jicho la pili. Lakini huyo alipaswa kwanza kuinunua, na aliinunua kwa sababu ya swali. Nadhani utafiti ule unatufundisha kitu kingine chenye manufaa kwa zoezi hili: kama siri yako ikifichuliwa kitabu chote kinakufa, basi ulikuwa na kitendawili tu. Ukimwambia mtu mwisho wa Hati ya Pili, bado atataka kuona Sauda anakaaje mezani akijua. Hapo ndipo utajua kama riwaya uliyoibuni ingestahili kuandikwa.

Jambo la mwisho la kiufundi ni ahadi. Kila sentensi ya jalada inauza kitu, na kwa riwaya ambayo haipo ni rahisi kuuza mali usiyo nayo. Katika jalada letu mtu angeweza kuongeza, "na kila usiku kuna gari jeusi limesimama nje ya nyumba yake." Sentensi nzuri, inaongeza hofu mara moja. Ila hakuna gari jeusi katika hadithi tuliyoipanga. Msomaji atakayenunua kwa ajili ya gari lile atalisubiri mpaka ukurasa wa mwisho, na mengine yote mazuri atayaona kama ucheleweshaji. Pia litakuwa limemfukuza msomaji ambaye kitabu hiki ni chake hasa, yule anayependa hadithi za familia, ambaye akiona gari jeusi anarudisha kitabu rafuni. Kushawishi kwa jalada ni pamoja na kumzuia asiyehusika asipoteze fedha yake. Kwa hiyo, kando ya kila sentensi ya zoezi, napenda mwandishi aandike kwa penseli mahali itakapolipwa: maziko, sura ya kwanza; ripoti za shule, sura ya kwanza; siku ya Jumatatu, katikati ya kitabu; chakula cha Jumapili, sura ya nne, kisha kila baada ya sura chache. Sentensi isiyo na mahali inafutwa, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Huwa ndiyo nzuri kuliko zote.

Mwanafunzi akifanya hivyo atagundua kwamba karibu kila kitu kilichobaki kinatoka robo ya kwanza ya riwaya. Ni kawaida. Robo ya kwanza ndipo mhusika anapobanwa, na jalada ni picha ya mtu aliyebanwa. Akijikuta anachota kutoka katikati au mwishoni, ama riwaya yake inaanza kwa kuchelewa, ama mwanzo wake hauna tatizo la kutosha kumvuta mtu. Jalada linamwambia hivyo kabla hajapoteza mwaka mzima kuiandika.

Siku hizi kuna kikwazo kingine ambacho wachapishaji wetu bado hawajakizingatia vya kutosha. Vitabu vingi vinaonekana kwanza kwenye simu, na kwenye simu maelezo yanakatwa baada ya mistari michache, mengine yanajificha nyuma ya kitufe cha "soma zaidi." Jalada linaloanza na "Hati ya Pili ni riwaya ya kusisimua inayosawiri kwa ufundi wa hali ya juu" linamaliza nafasi yake yote likiwa bado halijafika kwa Sauda. Ukilazimika kukata, usikate mwisho, maana msomaji wa karatasi bado anauhitaji. Panga upya mpaka zile sentensi mbili za kwanza ziweze kusimama peke yake. Ukitaka kuona kama zinasimama, mtumie rafiki hizo mbili tu kwa ujumbe wa simu, bila jina la kitabu na bila maelezo. Akijibu "hongera" au "nzuri sana," rudi mezani. Akijibu "subiri, aliuzaje?" mtumie zilizobaki.